Je, Wajua? Bango la Mita 12 Husomwa Likiwa Dogo Kuliko Stempu

Ukisimama chini ya bango la barabarani, unajiona sisimizi. Turubai lina upana wa mita 12 na kimo cha mita 4, na herufi moja tu inakufika juu ya goti. Lakini hakuna anayelipia bango ili lisomwe na mtu aliyesimama chini yake. Linalipiwa kwa ajili ya dereva anayekuja kwa kasi, mkono kwenye usukani, jicho kwenye lori lililo mbele yake.

Tuchukue bango moja la mfano tutembee nalo hadi mwisho. Lina upana wa mita 12 na kimo cha mita 4. Limesimama kando ya barabara kuu, mita 15 kutoka kwenye mstari anaopita dereva, na magari yanakwenda kilomita 80 kwa saa. Kila unachosoma hapa chini kinalihusu bango hilo.

Je, wajua kwamba bango “hufa” kabla hujalifikia?

Watu wengi hudhani bango husomwa vizuri zaidi gari linapolikaribia. Kumbe ni kinyume. Kadiri unavyolisogelea, ndivyo linavyokimbilia pembeni mwa macho yako, na dereva mwenye akili timamu hageuzi shingo. Kwa makadirio ya kawaida, bango likishavuka nyuzi 10 kutoka pale anapotazama mbele, mhesabu dereva huyo kuwa ameshakwenda zake.

Kwa bango letu lililo mita 15 pembeni, nyuzi 10 hufika gari likiwa bado mita 85 nyuma. Hapo ndipo usomaji unapoishia. Sasa, kilomita 80 kwa saa ni sawa na mita 22 kila sekunde. Tukitaka kumpa dereva sekunde sita za kulisoma, tumrudishe nyuma mita 133 nyingine. Jumla ni mita 218. Basi bango letu lina uhai wake kati ya mita 218 na mita 85, na nje ya hapo ni mbao na chuma.

Likisogezwa hadi mita 30 kutoka barabarani, usomaji utakoma mita 170 kabla, na dereva atalazimika kuanza kulisoma akiwa mita 303 nyuma. Hivyo bango lililojengwa mbali na lami linadai herufi kubwa kuliko lile lililo karibu, hata kama ukubwa wa turubai ni uleule.

Je, wajua kwamba ukiwa mita 218, bango zima linazibwa na ncha za vidole viwili?

Nyoosha mkono mbele yako, kama sentimita 60 kutoka kwenye jicho. Bango letu la mita 12, likiwa mita 218, litaonekana na upana wa sentimita 3.3 na kimo cha sentimita 1.1 hapo mkononi. Hiyo ni ndogo kuliko stempu ya barua. Msanifu aliyelichora kwenye kompyuta alilijaza kioo kizima, akaweka anwani ya duka kwenye kona na bado akaona nafasi imebaki. Mteja naye aliliidhinisha akiwa amekaa mbele ya kioo hichohicho. Hakuna kati yao aliyeliona likiwa stempu.

Makosa mengi ya mabango huzaliwa hapo ofisini. Nafasi inayoonekana wazi kwenye kompyuta haiko wazi barabarani, kwa sababu ndiyo inayolitenganisha neno na picha pale kila kitu kinapobanwa kwenye sentimita tatu.

Je, wajua kwamba kimo cha herufi za barabarani kinakwenda sambamba na chati ya daktari wa macho?

Mwaka 1862, daktari Mholanzi Herman Snellen wa mji wa Utrecht alitoa chati ya herufi ambayo vizazi vyake bado vinaning’inia kwenye kliniki za macho. Mtu mwenye macho ya kiwango cha 6/6 anaweza, akiwa mita 6, kuisoma herufi yenye kimo cha karibu milimita 9. Ukiipeleka hesabu hiyo hadi mita 100, unapata herufi ya sentimita 14.5.

Lakini barabarani si wote wenye macho hayo. Nchi nyingi humpa leseni mtu mwenye kiwango cha 6/12, yaani anayehitaji herufi kubwa mara mbili. Hapo tunafika sentimita 29 kwa mita 100. Wahandisi wa alama za barabarani wa Marekani, wakihesabu kwa inchi na futi zao, nao wanafika karibu palepale: inchi moja ya herufi kwa kila futi 30 za umbali, sawa na sentimita 28 kwa kila mita 100. Ukishika namba hiyo moja, sentimita 28 kwa mita 100, umeshika nusu ya kazi.

Bango letu linaanza kusomwa mita 218. Basi herufi zake ziwe na kimo cha sentimita 61, kama kutoka sakafuni hadi juu kidogo ya goti. Na hicho ni kiwango cha chini kabisa, cha kuweza kusoma kwa kukodoa. Anayetaka tangazo lisomeke bila jitihada huongeza.

Herufi hiyo ya sentimita 61, ikiwa mita 218, itakuwa na kimo cha milimita 1.7 ukiilinganisha na karatasi iliyo sentimita 60 kutoka machoni. Hicho ni kama kimo cha maandishi ya habari gazetini. Ni kama kumwomba dereva asome gazeti lililobandikwa kwenye kioo cha mbele huku akiendesha.

Je, wajua kwamba zile sekunde sita si mali ya bango?

Dereva hakodoi macho kwenye bango kwa sekunde sita mfululizo, na tusiombe afanye hivyo. Huko Virginia, Marekani, watafiti waliyafunga magari 100 kamera na vipima mwendo, wakawafuatilia madereva katika safari zao za kila siku. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kuondoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde mbili kunaongeza hatari ya ajali, au ya kuponea chupuchupu, angalau mara mbili. Kwa kasi ya kilomita 80, sekunde mbili ni mita 44 za kwenda kipofu.

Kwa hiyo sekunde sita ni muda wa bango kuwapo machoni tu. Ndani yake dereva atatupa jicho mara moja, mbili, pengine tatu, kila mara chini ya sekunde moja. Katikati anatazama pikipiki, anatazama kioo cha pembeni, anapiga breki. Tangazo lenye sentensi ndefu humlazimisha aanze upya kila anaporudi. Tangazo la maneno machache humalizika kwa jicho la kwanza, na jicho la pili linathibitisha tu.

Je, wajua kwamba kanuni ya “maneno saba” haikushonwa kwa kipimo cha Kiswahili?

Wanaofanya kazi ya matangazo duniani hurudia kanuni moja: bango lisizidi maneno saba. Kanuni hiyo ilikomaa kwenye Kiingereza, lugha inayokatakata sentensi yake kuwa vijineno. Kiswahili hubandika. Neno “hatutakuangusha” ni moja tu kwa anayehesabu maneno, lakini lina herufi 15, na Kiingereza kingehitaji maneno sita kulieleza. Bango lenye maneno saba ya namna hiyo lingekuwa na herufi zaidi ya mia. Hiyo ni aya.

Kifini nacho ni lugha ya kubandika. Katika utafiti wa mwaka 2012 uliolinganisha usomaji wa lugha kadhaa, Wafini waliosoma kwa sauti walifikisha wastani wa maneno 161 kwa dakika, na wasomaji wa Kiingereza 228. Mtu angesema Wafini ni wazito. Lakini walipohesabiwa kwa herufi, hawakuachwa nyuma hata kidogo. Jicho hulipia herufi, halilipii maneno.

Kwa hiyo anayeandika bango la Kiswahili ahesabu herufi. Maneno saba mafupi ya Kiingereza ni kama herufi 30 hadi 35, na hicho kiwe kikomo chetu. Maneno matatu au manne ya Kiswahili hukijaza. Waandishi wa kanga walilijua hilo kitambo: jina la kanga ni fupi, limewekwa peke yake katika kisanduku, na herufi zake za sentimita 2 au 3 zinasomeka hadi umbali wa mita 7 au 10, ambao ndio umbali wa mtu anayekupita uani.

Je, wajua kwamba herufi moja ya H inaweza kugeuza ahadi kuwa tishio?

Kiswahili huficha ukanushi wake mwanzoni mwa neno, tena mara nyingi kwa herufi moja. “Hutalipa riba” ni habari njema. “Utalipa riba” ni habari ya kumfanya mtu aongeze mwendo. Tofauti yake ni herufi moja iliyosimama pembeni mwa maandishi, mahali ambapo huwa kuna ukingo wa picha, nguzo ya umeme au tawi la mwarobaini. Dereva aliyelipata neno kuanzia herufi ya pili atabeba ujumbe ulio kinyume kabisa, na hatarudi kuhakikisha.

Mwandishi mzoefu hukwepa mtego huo kwa kusema jambo kwa kukubali, au kwa kutumia “bila”, neno linalosimama peke yake na kuonekana. “Mkopo bila riba” haligeuki hata ukipoteza herufi ya kwanza.

Je, wajua kwamba bango linaweza kuanza kusomeka wakati uleule linapoaga?

Tuseme bango letu la mfano ni la muuza mabati. Ameleta maneno yake: “Karibu tukuhudumie kwa mabati bora ya rangi zote na geji zote kwa bei nafuu. Tunasafirisha popote ulipo. Dhamana miaka 20. Piga simu,” kisha namba. Ni maneno 22 na tarakimu 10, jumla kama herufi 143 ukihesabu na nafasi. Anataka pia picha ya nyumba nzuri, nayo inameza nusu ya turubai.

Ukiacha ukingo, zimebaki mita 5.5 za upana wa kuandikia. Tukiyapanga maneno katika mistari minne, kila mstari una herufi 36 hivi. Herufi nene ya kawaida, pamoja na nafasi inayoifuata, hula upana wa karibu asilimia 65 ya kimo chake. Gawanya mita 5.5 kwa 36, kisha kwa 0.65, upate kimo cha sentimita 24 kwa makadirio. Herufi hizo zitaanza kusomeka gari likiwa mita 85. Na mita 85, kumbuka, ndipo bango linapoponyoka machoni. Maneno yamelipiwa, yamechapishwa, yamepandishwa juu, na hayakusomwa na dereva yeyote.

Sasa tumkalishe mteja chini. Rangi zote na geji zote anazo kila muuza mabati. Bei nafuu anaisema kila mtu. Usafiri utaelezwa dukani. Namba ya simu yenye tarakimu 10 haikariki kwa kutupa jicho, na dereva hatakiwi kushika kalamu. Kilichobaki ni dhamana, jambo ambalo mwenye nyumba hulikumbuka kila mvua inaponyesha. Tunaandika: “Miaka 20 bila kuvuja.” Chini yake jina la duka, basi.

Mstari huo una nafasi za herufi 20 tu. Ukitandazwa kwenye upana wa mita 11, herufi zake zinafikia kimo cha sentimita 85, zaidi ya zile 61 tulizozihitaji. Zitaanza kusomeka mita 300 kabla. Picha ya nyumba imeondoka, lakini bado kuna nafasi ya bati moja na tone moja la maji likiteleza.

Je, wajua kwamba aina ya fonti ina uzito mdogo kuliko wanavyodhani wasanifu?

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Waingereza walikuwa wakibishana kuhusu herufi za alama za barabara zao kuu mpya. Jock Kinneir na Margaret Calvert walikuwa na herufi zao za mchanganyiko wa kubwa na ndogo, zisizo na vikia. Mchonga herufi David Kindersley alishikilia kwamba herufi zake kubwa tupu, zenye vikia, zingesomeka mbali zaidi. Ubishi ulipelekwa uwanja wa ndege wa Benson, Oxfordshire. Wanajeshi wa anga walikalishwa jukwaani, na gari lililobeba alama juu ya paa likawajia taratibu hadi waliposema wameisoma.

Herufi za Kindersley zilishinda, lakini kwa asilimia 3 tu hivi. Serikali ikachukua za Kinneir na Calvert kwa kuwa zilipendeza zaidi, na ndizo zilizo kwenye alama za Uingereza hadi leo.

Asilimia 3 ya mita 218 ni mita 6 na nusu, chini ya theluthi moja ya sekunde. Kuongeza kimo cha herufi kutoka sentimita 61 hadi 85 kunaleta zaidi ya mita 80. Kabla ya kubishania fonti, futa maneno. Ila fonti zenye mistari myembamba kama uzi, au za mwandiko wa kadi ya harusi, ziachwe kabisa, kwa kuwa mistari yake hutoweka kwa mbali hata pale kimo kinapotosha.

Je, wajua kwamba kuna waliolikata tangazo moja vipande sita?

Mwaka 1925, familia ya Odell huko Minnesota, Marekani, ilikuwa na krimu ya kunyolea ndevu iitwayo Burma-Shave isiyouzika. Kijana Allan Odell akaja na wazo la vibao vidogo vilivyopangwa kando ya barabara, kimoja baada ya kingine. Baadaye vikazoeleka kuwa sita, kila kimoja kikibeba kipande cha shairi la mzaha, na cha mwisho kikiwa na jina la krimu.

Dereva alipewa maneno machache kwa wakati mmoja, tena akisubiri kwa hamu kituo cha vina. Biashara ikapaa. Mwaka 1963 kampuni iliuzwa kwa Philip Morris na vibao vikaondolewa, wakati ambapo magari tayari yalikuwa yakipita kwenye barabara pana kwa kasi ambayo vibao vile havikutengenezewa.

Je, wajua kwamba bango zuri linaweza kuharibika bila kuguswa?

Hesabu zetu zote zimesimama juu ya kasi. Kwenye foleni inayotambaa kilomita 10 kwa saa, zile mita 133 hazichukui sekunde sita bali sekunde 48. Hapo maneno 15 yanasomeka, na abiria wa daladala anaweza hata kunakili namba ya simu. Bango la taa za barabarani na bango la barabara kuu ni kazi mbili tofauti, ingawa turubai ni moja.

Kwa miaka mingi magari yalikuwa yakisimama kwenye taa za Ubungo, Dar es Salaam, hadi watu wakakariri kila kilichoandikwa pembeni. Mwaka 2021 daraja la juu la Kijazi likazinduliwa hapo, na magari mengi sasa yanapita bila kusimama. Tangazo lililoandikwa kwa msomaji aliyekwama halimfai msomaji anayekimbia juu ya daraja. Kabla ya kusaini mkataba wa eneo, nenda ukapime kasi ya magari mwenyewe, asubuhi na jioni.

Je, wajua kwamba unaweza kulipima bango lako ukutani, kabla hujalipia turubai?

Lichapishe bango la mita 12 likiwa na upana wa sentimita 24, yaani dogo mara 50. Gawanya na umbali pia: mita 218 zinakuwa mita 4 na sentimita 36. Libandike ukutani, mwite mtu ambaye hajawahi kuliona, msimamishe umbali huo. Lifunue kwa sekunde mbili, lifunike, kisha muulize limesema nini na ni la nani. Lichapishe pia bila rangi, kwa weusi na weupe, uone kama maandishi bado yanajitenga na mandhari yake; nyekundu juu ya kijani huonekana kali kwenye kompyuta, kisha humezana zikikosa rangi.

Akijibu yote mawili, peleka kiwandani. Akijibu moja, punguza maneno urudie na mtu mwingine. Asipojibu hata moja, usimlaumu: dereva wako atakuwa na lori mbele yake.